Kabla hamjageuza kikundi chenu kuwa NGO, someni kipengele cha gawio

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha ufugaji nyuki kule Manyoni kwa miaka sita. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, tuna mizinga, tuna cheti cha halmashauri, tuna akaunti. Kila mwisho wa msimu tulipiga hesabu, tukaacha kiasi cha kuendeshea kazi, kilichobaki tukagawana. Halafu akatokea mfadhili aliyetaka kusaidia mafunzo ya nyuki kwa vijana wa kata tatu, akauliza swali moja tu: "Mna usajili wa NGO?"

Tukajibu hatuna, ila tutapata. Tulidhani NGO ni kikundi kilichopanda daraja. Kwamba ukishakuwa mkubwa vya kutosha unakwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, unabadilishiwa cheti, maisha yanaendelea. Dhana hiyo ilitupotezea karibu miezi minne, na bado naikuta kwa vikundi vinavyonipigia simu kuomba "mfano wa katiba".

Tukachukua katiba yetu ileile, tukafuta neno "kikundi", tukaweka "shirika", tukaipeleka. Ikarudi. Afisa alikuwa amepigia mstari kipengele cha 17: "Faida itagawanywa kwa wanachama kulingana na hisa zao." Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hii si NGO."

Alikuwa sahihi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake ya 2019, inalitambua shirika kama muungano wa hiari usiogawana faida na ulioanzishwa kwa manufaa ya jamii. Kikundi cha kijamii kimetajwa humo waziwazi kuwa si NGO, sawa na vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, klabu za michezo na taasisi za dini. Kwa hiyo ukubwa hauhusiki kabisa. Kikundi cha watu mia kinachogawana pesa ya asali ni kikundi. Watu watano wanaofundisha vijana bila kuchukua gawio wanaweza kuwa shirika.

Swali la kujiuliza kabla ya kwenda popote ni hili: pesa ikibaki mwisho wa mwaka, inakwenda wapi? Ikiwa jibu ni "kwetu", bakini kikundi, wala msione haya. Kikundi kina faida zake ambazo shirika halina. Ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inakwenda kwa vikundi. Sisi tulikuwa tumeshaonja mkopo huo mara moja, na mama mmoja akatuuliza kikaoni, "Tukishakuwa NGO, ule mkopo tutaombea kwa jina gani?" Kimya kikatanda. Hakuna aliyekuwa amefikiria.

Mwisho tukaamua kuviacha vyote viwili. Kikundi kibaki na mizinga, asali na gawio lake. Shirika lisajiliwe upya, kwa jina tofauti, lifanye mafunzo. Watatu kati yetu tulikuwa waanzilishi wa shirika, pamoja na mwalimu mstaafu na bwana nyuki aliyekuwa amestaafu pia. Katiba tukaiandika tangu mwanzo. Tukaweka kipengele kwamba hakuna mwanachama atakayegawiwa mali wala ziada ya shirika, na kingine kinachosema shirika likivunjwa, baada ya kulipa madeni mali itakwenda kwa shirika jingine lenye malengo kama hayo. Kipengele hicho cha pili wengi hukisahau, na ndicho kinachoonyesha kama kweli mmeachana na wazo la kugawana.

Usajili wenyewe, kusema kweli, haukuwa mgumu baada ya hapo. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa Msajili unaoitwa NiS, na ngazi ni nne: wilaya, mkoa, taifa na kimataifa. Tulichagua wilaya kwa sababu kata zetu tatu zote ziko wilaya moja. Kuna wanaokimbilia ngazi ya taifa kwa ajili ya heshima ya cheti. Mimi nawaambia wachague ngazi wanayofanyia kazi. Mkiandaa muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini, katiba, wasifu na picha za viongozi, barua ya maombi na barua ya utambulisho ya halmashauri, mtakuwa na sehemu kubwa ya kinachohitajika. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka serikalini. Mtu akikuambia umtumie kwenye simu yake "aharakishe", mkatalie.

Sehemu moja ya muhtasari huo iangaliwe mara mbili. Majina na saini vilingane na vitambulisho, herufi kwa herufi. Mwenzetu mmoja alisaini kwa jina la ndoa, kitambulisho kina jina la baba, tukarudia kikao kizima.

Cheti kikitoka, shirika linakuwa mtu kisheria: linaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Tangu marekebisho ya 2019 cheti kina muda wa miaka kumi, halafu kinahuishwa. Hapo watu wengi hukitia fremu, wakakitundika ukutani, wakajua wamemaliza. Ndipo taarifa ya mwaka inapowakuta.

Taarifa hiyo hutolewa kila mwaka kwa Msajili, kwenye Fomu Namba 10, na inaendana na ada ya mwaka. Ukiitazama haraka fomu yenyewe haitishi: taarifa za shirika, shughuli mlizofanya na mahali, walionufaika, fedha zilikotoka, zilivyotumika, changamoto. Maneno ni rahisi kuandika. Kinachotesa ni ukurasa wa fedha, na mwaka wetu wa kwanza ulitufundisha hivi.

Mfadhili alitupa shilingi 18,200,000. Ada za wanachama wetu zilikuwa 420,000. Jumla 18,620,000. Mwezi Agosti, akaunti ya kikundi ikawa na tatizo la saini benki, na mnunuzi wa asali alikuwa anasubiri kulipa. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye pia alikuwa mweka hazina wa shirika, akamwambia aweke kwenye akaunti ya shirika, "tutahamisha kesho". Ikaingia 2,150,000. Kesho ikawa wiki tatu, kisha akaitoa taslimu akawagawia wanawake gawio lao. Kwa nia njema kabisa. Hakuna hata shilingi iliyopotea.

Mwisho wa mwaka nikajaza fomu kwa kufuata taarifa ya benki, maana nilijua benki haidanganyi. Mapato nikaandika 20,770,000. Kumbe kuna mpaka wa milioni 20: shirika lililopata zaidi ya hapo kwa mwaka linatakiwa kuambatanisha hesabu zilizokaguliwa, na mkaguzi awe amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Taarifa yetu ikarudishwa na swali fupi: ripoti ya mkaguzi iko wapi? Na katika matumizi nilikuwa nimeandika "malipo kwa wanachama 2,150,000", kwa hiyo kukawa na swali la pili, baya kuliko la kwanza. Shirika lisilogawana faida limewalipa wanachama nini?

Mhasibu mmoja alitueleza kwamba ile pesa ya asali haikuwa mapato yetu hata kidogo. Ilikuwa amana, mali ya mtu mwingine iliyopita mkononi mwetu, na ingeandikwa hivyo tangu siku ilipoingia tusingevuka mpaka. Lakini ili ihesabiwe amana ilihitaji ushahidi: barua ya kikundi kuomba kuhifadhiwa fedha, uamuzi wa shirika kukubali, na hati ya kurudisha yenye saini ya kikundi. Hatukuwa na hata kimoja. Tulikuwa na ukurasa wa daftari wenye majina kumi na manne na alama za dole gumba. Kuandika barua zenye tarehe za nyuma ni kughushi, tukakataa. Tukamlipa mkaguzi 900,000, akazipanga hesabu sawasawa, akaeleza jambo hilo kwenye ripoti yake, na suala likaisha. Pesa hiyo hatukuwa nayo kwenye bajeti. Tulichangishana mifukoni.

Jambo jingine lililotusumbua ni mwaka. Mfadhili wetu anahesabu Julai hadi Juni, taarifa ya Msajili inahesabu Januari hadi Desemba. Mwaka wa pili karibu ninakili ripoti ya mfadhili kama ilivyo, na takwimu zingekuwa za nusu mwaka mmoja na nusu ya mwingine. Siku hizi tunafunga hesabu kila mwezi, hivyo kukata Desemba ni kujumlisha tu karatasi kumi na mbili.

Na msipofanya kazi yoyote mwaka mzima? Bado mnatoa taarifa. Andikeni kwamba hapakuwa na mradi, wekeni salio la benki la mwanzo na la mwisho, lipeni ada. Nimeona shirika la jirani zetu lililonyamaza kwa miaka mitatu kwa sababu "hatuna cha kuripoti". Lilifutwa kwenye daftari wakati limepata ufadhili wa kwanza wa maana, na mfadhili hakusubiri.

Niongeze hili, kwa sababu naulizwa sana: cheti cha NGO hakikuondolei kodi. Shirika linachukua namba ya mlipakodi, na kama lina mwajiriwa linakata kodi ya mshahara wake. Hadhi ya taasisi ya hisani kwa ajili ya kodi ya mapato ni ombi jingine kabisa, linakwenda TRA, na linaweza kukataliwa hata kama cheti chenu ni safi.

Baada ya ule mkasa wa asali tulibadilisha mambo mawili. Mweka hazina wa shirika haruhusiwi kushika uongozi wa kikundi. Na kwenye kabati letu kuna mafaili ya rangi mbili, kijani la kikundi na bluu la shirika, kila moja na kitabu chake cha stakabadhi. Msimu uliopita mnunuzi alipiga tena, akaomba namba ya akaunti "yoyote iliyo karibu". Mama Neema akafungua faili la kijani, akamsomea tarakimu moja moja, akamrudishia mara ya pili.