Kiada, marudio au mitihani iliyopita: acha kosa lako lichague

Wanaoanza kujiandaa kwa mitihani ya bodi ya uhasibu huuliza swali moja mapema sana: ninunue kitabu cha kiada, kitabu cha marudio, au mkusanyo wa mitihani iliyopita? Nimekaa na watahiniwa wengi wa somo la taarifa za fedha, na ninachowaambia ni kwamba wachague kwa mada, wasichague kwa somo zima. Mtu yuleyule anaweza kuhitaji kiada kwenye ukodishaji wa mali na asikihitaji kabisa kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Atajuaje? Kwa kujibu swali moja la mada hiyo, vitabu vikiwa vimefungwa na saa ikiwa mezani, kisha kuangalia amekosea wapi.

Tuchukue ukodishaji wenyewe. Kampuni imekodi mashine kwa miaka 4. Inalipa 100,000 kila mwisho wa mwaka, na riba iliyomo kwenye mkataba ni asilimia 10. Swali linataka uonyeshe mwaka wa kwanza utakavyoonekana kwenye taarifa za fedha za aliyekodi.

Chini ya IFRS 16, kiwango cha uhasibu cha ukodishaji, unaanza na thamani ya sasa ya malipo yote manne. Kigezo cha miaka 4 kwa asilimia 10 ni 3.170, kwa hiyo deni la kuanzia ni 317,000, na mali ya haki ya matumizi inaingia kwa kiasi hichohicho kama hakuna gharama nyingine. Uchakavu wa mwaka ni 317,000 gawanya kwa 4, yaani 79,250. Riba ni asilimia 10 ya 317,000, yaani 31,700. Mwisho wa mwaka deni linakuwa 317,000 jumlisha 31,700 toa 100,000, unabaki na 248,700.

Sasa tazama makosa. Mtahiniwa wa kwanza ameandika gharama ya kodi 100,000 na kuishia hapo. Huyu hajui kanuni, na dawa yake ni kiada peke yake. Akikimbilia kitabu cha marudio atakuta hatua zilezile nilizoandika hapo juu, zimepangwa vizuri, na atazikariri. Zitamfaa mpaka siku mtahini atakaposema malipo yanafanywa mwanzoni mwa kila mwaka. Hapo malipo ya kwanza yameshatoka siku mkataba unapoanza, kwa hiyo deni linabaki la malipo matatu tu, kwa kigezo cha 2.487, yaani 248,700. Mali nayo inaingia kwa 348,700, kwa sababu yale 100,000 yaliyolipwa siku ya kwanza ni sehemu ya gharama yake. Riba ya mwaka wa kwanza inashuka hadi 24,870. Aliyekariri hatua ataandika 317,000 bila kusita. Aliyesoma sura nzima ya kiada, akaelewa kwamba deni ni thamani ya kile ambacho hakijalipwa, atafika mwenyewe bila kukumbushwa.

Mtahiniwa wa pili amepata 248,700 vizuri, lakini kwenye taarifa ya hali ya fedha ameandika kwamba deni la muda mfupi ni 100,000, kwa kuwa ndicho kiasi kitakacholipwa mwaka ujao. Amesahau kwamba sehemu ya malipo hayo ni riba ya mwaka ujao, ambayo bado haijawa deni. Njia sahihi ni kupeleka hesabu mwaka mmoja mbele: 248,700 jumlisha riba 24,870 toa 100,000 ni 173,570. Hilo ndilo deni la muda mrefu, na tofauti yake, 75,130, ndiyo ya muda mfupi. Mtu huyu anaelewa mada. Kilichompotea ni hatua moja ya uwasilishaji. Kumrudisha kwenye kurasa 40 za kiada ni kumpotezea jioni mbili. Kitabu cha marudio kimeandikwa kwa ajili yake: ukurasa mmoja wenye jedwali la deni, na mfano mfupi wa kugawanya.

Wa tatu amepata kila kitu, ila ametumia dakika 50 kwa swali la alama 20. Katika mtihani wa saa 3 wenye alama 100, kila alama ina dakika 1.8, kwa hiyo swali hilo lilistahili dakika 36. Zile 14 za ziada zimetoka kwenye swali lingine, ambalo huenda hataligusa. Huyu aviweke pembeni vitabu vyote viwili, afanye maswali ya mitihani kwa saa.

Kwenye mikusanyo ya mitihani ndiko ninakoona watu wakiumia zaidi, hasa wanaorithi mikusanyo ya zamani kutoka kwa waliowatangulia. Majibu yake yalikuwa sahihi siku yalipoandikwa. IFRS 16 ilianza kutumika kwa vipindi vinavyoanza tarehe 1 Januari 2019, ikachukua nafasi ya IAS 17. Chini ya IAS 17, aliyekodi alitazama kwanza kama amebeba karibu hatari na manufaa yote ya umiliki. Kama hakubeba, aliandika kodi kuwa gharama na hakukuwa na mali wala deni kwenye mizania. Kwa hiyo lile jibu la 100,000 la mtahiniwa wa kwanza lingeweza kupata alama zote katika mkusanyo wa zamani. Mtu anajisahihisha kwa jibu hilo, anajipa alama, na anaingia mtihanini na imani isiyo na msingi.

Usitupe mkusanyo huo, ila ujue cha kuchukua. Maswali ya upande wa mkodishaji, yaani mwenye mali, bado yanafaa, kwa sababu IFRS 16 imeubakiza ule mgawanyo wa aina mbili wa IAS 17 upande huo. Ya upande wa aliyekodi, chukua takwimu za swali, funika jibu, kisha likokotoe upya kwa kanuni ya sasa. Mikataba ya miezi 12 au pungufu na ya mali za thamani ndogo bado inaruhusiwa kuandikwa kama gharama ya kawaida, kwa hiyo usishangae ukikuta jibu la zamani linalokubaliana na la leo. Katika somo la kodi ni vigumu zaidi, kwani viwango vya kodi hubadilika mara kwa mara; huko nanunua toleo la kipindi changu cha mtihani, au nafanya swali la zamani nikijua kwamba tarakimu za mwisho hazitalingana na zilizochapishwa.

Pamoja na majibu, tafuta ripoti za watahini pale bodi inapozitoa. Majibu ya mfano mara nyingi ni marefu kuliko anavyoweza kuandika mtu ndani ya dakika 36, lakini ripoti hukuambia watahiniwa walipotezea alama wapi.

Kabla ya kulipia kitabu chochote, fungua orodha ya viwango vinavyotahiniwa kwenye kipindi chako na uilinganishe na yaliyomo. Sasa hivi angalia hasa IFRS 18, inayochukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027. Inapanga taarifa ya faida na hasara kwa makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, na kudai jumla ndogo ambazo IAS 1 haikuzidai. Kama orodha ya kipindi chako inaitaja, nunua kiada kipya kwa ajili ya sura hiyo, kwa sababu katika mitihani iliyopita hutapata swali lake la kufanyia mazoezi. Sura ya ukodishaji unaweza kuendelea nayo kwenye toleo ulilonalo, mradi limeandikwa kwa IFRS 16.