Kata bima kwa gharama ya kujenga leo

Nyumba yangu ya wageni iko Bagamoyo: vyumba sita, na mgahawa ulioezekwa makuti. Jioni moja mafuta ya chipsi yalishika moto karaini, ndimi zikafika kwenye paa. Wageni wote walitoka salama, ila jiko na nusu ya ukumbi viliteketea. Fundi alikadiria hasara ya shilingi milioni 20. Nilihuzunika, lakini sikuogopa, kwa sababu bima nilikuwa nimekata.

Mkadiriaji hasara alipokuja hakuishia jikoni. Alipima jengo zima, akahesabu vitanda, majokofu na jenereta, akaniambia kurudisha vyote kwa bei za sasa ni milioni 100. Mkataba wangu ulisema milioni 60, yaani fedha nilizojengea miaka ile. "Dada, umekata bima ya asilimia 60 ya mali yako," akasema, "na hasara nayo utalipwa asilimia 60." Milioni 20 zikawa 12. Ikatolewa milioni moja ambayo mkataba ulinitaka niibebe mwenyewe katika kila dai, zikabaki 11. Tisa nilizitafuta kwa kukopa.

Kwa hiyo usiandikishe bei uliyonunulia wala thamani ya kiwanja, maana ardhi haiungui. Mwite fundi akukadirie gharama ya kujenga upya leo, ongeza vifaa, na urudie hesabu hiyo kila unapohuisha bima. Makuti na mitungi ya gesi vitaje kwenye fomu. Utalipa zaidi, ndiyo, lakini ukivificha kampuni inaweza kukataa dai lote.

Kwenye wizi, soma neno "kuvunja". Mikataba mingi hulipa pale tu panapoonekana alama za mwizi kuingia au kutoka kwa nguvu. Mgeni aliyefungua chumba kwa ufunguo wake na kuondoka na televisheni hayumo, na fedha za droo au wizi wa mfanyakazi huwa na vifungu vyake. Uliza vyote kabla hujalipa.

Mgeni akiumia, inayohusika ni bima ya dhima kwa umma. Hulipa pale ambapo wewe kisheria ndiye mwenye kosa, kwa mfano ngazi isiyo na taa. Kama unauza chakula, hakikisha madhara ya chakula yameandikwa waziwazi, kwani baadhi ya mikataba huyaacha nje. Mpishi wako akiungua, bima hii haimhusu; kwa Tanzania Bara huyo ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nawe uwe umemchangia.

Mwaka jana mgeni aliteleza kwenye vigae vilivyolowa, akavunjika kifundo cha mkono. Nilimpeleka hospitali, nikapiga picha pale alipoangukia, nikachukua namba za walioshuhudia, na siku hiyohiyo nikamwandikia wakala wangu. Sikumwahidi fidia wala kukiri kosa, kwa sababu mkataba unakataza kufanya hivyo bila idhini ya kampuni. Mazungumzo ya malipo waliyafanya wao.