Limbikizi inaishia 98

"Kaya 150, chanzo cha maji: bomba 62, kisima 45, mto 28, boza 12. Asilimia limbikizi inaishia 98.0, nimekosea wapi?"

Anza na idadi kabla ya asilimia: 62, 107, 135, 147. Imeishia 147, so kaya 3 hazimo kwenye jedwali ila bado unagawa kwa 150. Anayesema tatizo ni raundi tu yuko sahihi nusu, raundi inakuletea 99.9 au 100.1, haili 2 nzima. Rudi kwenye madodoso uzitafute hizo 3, kama zilijibu ila hazikuingizwa ziingize, kama hazikujibu gawa kwa 147 (42.2, 72.8, 91.8, 100.0) alafu chini ya jedwali andika wazi kaya 3 hazikujibu. Kwenye SPSS safu ya Cumulative Percent inahesabu waliojibu tu, so iende na Valid Percent, ukiipanga na Percent msomaji akijumlisha haimtokei.

Na kama dodoso lako linaruhusu kaya moja kuchagua vyanzo viwili vitatu, hilo ni tofauti kabisa, majibu yanazidi idadi ya kaya so limbikizi hapo iondoe tu.