Kokoto za mm 10 na mm 20: saruji inapungua kiasi gani?

SWALI: Mhandisi, tunatumia mifuko saba ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo ya zege, na kokoto za mm 20 peke yake. Fundi anasema nikichanganya na kokoto za mm 10 nusu kwa nusu, ndogo zitaziba nafasi kati ya kubwa, na mifuko mitano itatosha bila zege kupoteza nguvu. Ni kweli?

JIBU: Kuchanganya ni jambo jema, fanya. Mifuko miwili ni uongo, na uongo huu nimechoka kuusikia, kwa sababu umejengwa juu ya ukweli nusu.

Tuanze na kinachoziba nini. Ili jiwe dogo likae kwenye nafasi kati ya mawe makubwa yaliyogusana, linatakiwa liwe dogo sana, takribani sehemu moja ya tano ya ukubwa wao. Kwa kokoto za mm 20 hiyo ni kama mm 4, yaani mchanga. Kokoto ya mm 10 haiingii humo. Inawasukuma wakubwa kando ili ipate mahali. Faida ipo, kwa kuwa mpangilio mzima unakuwa mzito zaidi, lakini ni ndogo. Na ukizidisha ndogo, faida inageuka hasara: kokoto ndogo zina uso mwingi wa kupakwa rojo la saruji, hivyo zege linadai maji zaidi. Nusu kwa nusu mara nyingi ni nyingi mno. Kwa kawaida mahali pazuri ni karibu theluthi mbili kubwa kwa theluthi moja ndogo.

Usiamini maneno yangu wala ya fundi, pima. Chukua kokoto zilizoloweshwa kisha zikakaushwa uso kwa kitambaa. Jaza ndoo ngumu kwa tabaka tatu, kila tabaka ulishindilie kwa nondo mara 25, sawazisha juu, kisha pima uzito. Anza na kubwa tupu, halafu 70 kwa 30, 60 kwa 40 na 50 kwa 50 kwa uzito. Kama zote zimetoka jabali moja, ndoo nzito kuliko zote ndiyo yenye nafasi chache. Zikikaribiana uzito, chagua ile yenye ndogo chache. Kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike ukingoni: lita zilizoingia, ukizigawa kwa ujazo wa ndoo, ndiyo sehemu ya nafasi.

Tuseme ndoo ya lita 20 ilipokea lita 8.6 kwa kubwa tupu, yaani asilimia 43, na lita 7.6 kwa mchanganyiko bora, asilimia 38. Mita moja ya zege hubeba kama mita 0.7 ya kokoto, kwa hiyo umeokoa lita 35 za mota. Karibu nusu ya mota ni mchanga. Zinabaki lita 17 na kitu za rojo, na humo mna kilo 20 hivi za saruji pamoja na lita 11 za maji. Kutoka kilo 350 unashuka hadi 330. Hata nusu mfuko haijafika.

Angalia kwamba maji yameshuka pamoja na saruji. Tuseme mlianza na lita 192, sasa ni 181, na uwiano wa maji kwa saruji umebaki 0.55. Nguvu ya zege inakaa kwenye uwiano huo. Ukienda na mifuko mitano kwa maji yale yale ya lita 192, uwiano unaruka hadi 0.77, na theluthi ya nguvu au zaidi imepotea. Fundi akijitetea kwamba atapunguza maji ili kuulinda uwiano, atabaki na lita 137 tu, zege gumu lisiloingia kati ya nondo. Vibarua hawatalivumilia, ndoo ya maji itaongezwa mara tu utakapogeuza kisogo. Maji yakisimama juu ya zege baada ya kumwaga, na uso ukitoa unga ukiukwaruza siku chache baadaye, jua ndicho kilichotokea.

Kwa hiyo yeyote anayekuahidi kupunguza mifuko, muulize kwanza anapunguza lita ngapi za maji, na ulaini wa zege ataupima vipi. Asiye na jibu anapunguza nguvu ya nyumba yako. Kuwa macho pia na wanaoleta vumbi la kokoto wakiliita kokoto ndogo. Vumbi linanyonya maji, na likiganda kwenye jiwe, rojo halishiki. Chota mkono mmoja, litie kwenye chupa ya maji safi, tikisa: maji yakibaki kama uji, rudisha mzigo huo.