Anasema ndiyo kumbe hajaelewa

"Shangazi shikamoo. Nina mwezi wa pili nadeti na kijana ambaye Kiswahili kajifunza ukubwani, na lugha yake mimi sijui hata salamu. Ananijali sana ila kila ninachosema anaitikia ndiyo, baadae nagundua hakuelewa. Juzi nilimuuliza kwenye simu 'kwani kesho huji?' akasema ndiyo, nikaenda zangu kwa dada, kumbe kaja kasimama mlangoni kwangu, na tumenuniana mpaka leo. Nikiongea polepole naona kama namfanya mtoto, nikiongea kawaida ananipotea. Marafiki zangu wanasema nitachoka. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo simu, maana hapo hakuna aliyedanganya kati yenu. Sisi ukiulizwa "huji?" ukajibu ndiyo, unakubaliana na swali lilivyo, yani ndiyo, siji. Kuna lugha nyingi haziendi hivyo kabisa, mtu akiulizwa swali la kukanusha anajibu kuhusu jambo lenyewe, kwahiyo ndiyo yake ni ndiyo nakuja na hapana yake ni siji. Huyo kijana alikujibu kwa utaratibu aliokua nao, wewe ukamsikia kwa utaratibu uliokua nao, kila mtu akakata simu akiwa na uhakika.

Alafu ongeza na hili. Tukikataa jambo, kukataa kwetu kumebanwa ndani ya kitenzi, unakuja, huji, tofauti iko kwenye vile vipande vya mwanzo na ile irabu ya mwisho tu, na ukibadilisha hiyo irabu ya mwisho ukasema huja, basi ni mtu ambaye huwa anakuja. Mtu aliyejifunza ukubwani sikio lake linakimbilia kiini cha neno, anakamata habari ya kuja, vile vidogo vya pembeni vinampita, na kwenye simu inayokatakata ndio havifiki kabisa. Kwahiyo kwa sasa maswali ya hujaenda, hutaki, hukasiriki, hukumwona yaweke pembeni. Muulize utakuja au hutakuja, achague moja aliseme kwa mdomo wake, au bora zaidi muulize utakuja saa ngapi, hapo hata akitaka kuitikia ndiyo haiwezekani, lazima atoe saa.

Na hili ndilo nataka ulishike kuliko mengine yote, hiyo ndiyo yake ya kila saa mara nyingi maana yake ni nakusikiliza, endelea, sitaki kukukata. Fikiria mtu anaomba kurudiwa mara ya tatu ndani ya maongezi mafupi, anaona aibu, anaona anakuchosha, anaamua kuitikia akitegemea mbele atapata maana. Ukimuuliza "umeelewa?" unampa tena nafasi ya kusema ndiyo, swali hilo halikuambii chochote. Muulize kitu ambacho jibu lake litakuonyesha alichobaki nacho, kwa mfano "sasa kesho tunaanzia wapi?" Akisema sehemu tofauti na uliyosema umejua papo hapo, badala ya kujua kesho yake mlangoni. Na umpe njia nyepesi ya kukusimamisha, mkubaliane kabisa mkiwa mmekaa vizuri, akisema "hapo" au akiinua kidole basi wewe unasimama bila kuguna, bila kuvuta pumzi ile ndefu. Na wewe uitumie kwake pia, isiwe ni mlango wa mmoja.

Sasa akikusimamisha unafanya nini, hapa wengi tunaharibu. Tunapandisha sauti, kana kwamba tatizo lake ni masikio. Au tunasema jambo lile lile kwa maneno mapya kabisa, tunadhani tumemsaidia, kumbe alikuwa ameshakamata nusu ya sentensi ya kwanza na sasa umemrudisha mwanzo. Mara ya kwanza rudia maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, ila ukate katikati ya mafungu, "kesho jioni... nitakuwa kwa dada... njoo keshokutwa." Ile pumzi kati ya fungu na fungu ndiyo inayomsaidia kuliko kuvuta kila neno kama mpira. Ikishindikana ndio ubadilishe, tena badilisha lile neno moja lililomkwamisha, muulize ni lipi.

Unaogopa kumfanya mtoto, nakuelewa, na ni hofu nzuri kuwa nayo. Utoto hauko kwenye upole wa kasi, mwanangu, uko kwenye kumvunjia lugha, "wewe kuja kesho, mimi furaha", au ile sauti ya kubembeleza, au kumwongelea mambo mepesi tu kana kwamba akili yake nayo ni ndogo. Kiswahili chako kiache kamili, ngeli zake na viambishi vyake vyote, ila sentensi iwe fupi na ibebe jambo moja. Badala ya "si nilikwambia ungechelewa usingemkuta", ambayo kwa mgeni wa lugha ni msitu, sema "ulichelewa. Yeye alishaondoka. Ndio maana nilikasirika." Ni mambo ya watu wazima kabisa hayo, yamekaa tu moja moja. Mafumbo na misemo ya vijiweni weka akiba kwanza, zitafika zamu yake akiwa anazipenda mwenyewe. Na akikosea usimsahihishe kila kitu, akisema "kitabu yangu" umeshajua ni kitabu chake, jibu tu "eeh, kitabu chako nimekiona", amesikia umbo sahihi na maongezi hayajakatika. Msimamishe pale tu kosa linapogeuza maana.

Haya, tuje kwenye kukaa pamoja. Nahisi ninyi mnakaa mkitazamana mnatafuta cha kuongea, na hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote kwa watu wa lugha mbili, kwasababu maneno yanabeba mzigo wote peke yake. Tafuteni kazi ya mikono. Chukua mfano wa kuziba pancha ya baiskeli. Mnatoa tairi kwenye rimu, mmoja anashika mwingine anavuta tyubu, mnaijaza upepo, mnaizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha polepole mpaka mapovu yatoke, hapo mmoja atapiga kelele "hapa hapa!" Mnakausha, mnakwangua kwa msasa, mnapaka gundi, mnasubiri ikauke kidogo ndio mnabandika kiraka na kukikandamiza. Hesabu ni mara ngapi hapo mmeambiana shika, vuta, bado, sasa, geuza, ngoja. Kila neno limekuja na kitu chake kinachoonekana, akikosea atashika pasipotakiwa, wewe utaona hapo hapo, na mkinyamaza dakika kadhaa hakuna anayejiuliza kwanini tumenyamaza. Inaweza kuwa kupaka ukuta rangi, kucheza karata, kupanga kabati, chochote ambacho mmoja hawezi kumaliza bila kusikilizana na mwenzie. Filamu siipendi sana kwa hatua mliyofikia, mnakaa masaa mawili kila mtu na kichwa chake.

Alafu siku nyingine kazi ile ile ifanyeni kwa lugha yake, yeye ndio aongoze. Kazi mnaijua tayari kwahiyo utabahatisha mengi. Nakusisitiza hili kwasababu sasa hivi mzigo wote kaubeba yeye, kila siku anaongea kwa lugha ambayo anaitafuta, na wewe hujawahi kuonja uchovu wake. Baada ya muda mfupi tu utaona kichwa kinachoka, unaanza kuitikia na wewe bila kuelewa, na hapo utaacha kumuuliza mbona jioni unakuwa kimya hivyo. Mikusanyiko ya marafiki zako nayo ndiyo inamchosha kuliko yote, watu watano wanaongea kwa pamoja, wanakatishana, wanacheka kitu kabla hajakifikia. Ukimpeleka, kaa karibu nae, kila baada ya muda mnong'oneze tu mada imehamia wapi.

Kuhusu huko kununiana, mtafute wewe kwanza, mwandikie meseji maana meseji anaweza kuisoma mara tatu bila mtu kumtazama. Mwandikie hivi: "Nilielewa vibaya. Nilidhani huji. Sikukuacha makusudi. Nataka tuongee Jumamosi." Usiweke fumbo humo wala dokezo. Na mjue kwamba mtu akikasirika lugha ya kujifunza ndiyo ya kwanza kumkimbia, anabaki na maneno machache makavu, atakwambia "acha" au "nenda" bila naomba wala tafadhali na itakuuma kuliko alivyokusudia. Ugomvi ukipamba moto semeni tu "tuongee kesho saa fulani", na hiyo saa mkaitimize kweli. Na tafadhali usimuite rafiki yako awe mkalimani wa ugomvi wenu wala wa mambo yenu ya chumbani, atabeba siri zenu na ataweka na maoni yake humo humo.

Hapo hapo kwenye mambo ya chumbani niseme wazi. Mambo ya mwili, pesa, ahadi za kuoana, kuhamia pamoja, hayo usiyapitishe kwa ndiyo ya kuitikia, ya kwake wala ya kwako. Mwambie akurudishie kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni yenye makosa, "tumekubaliana nini?" Asipoweza kukwambia, hamjakubaliana bado, subirini.

Marafiki zako wasikutishe, ila nikupe na jicho la kutazamia, maana kuna wakati lugha inakuwa kisingizio. Aliyekwama kwenye lugha anakwama pande zote, anakwama kwenye mazuri na kwenye magumu, na ukimwambia kwa sentensi fupi na kuonyesha, anabadilika. Ukiona anaelewa vizuri sana mkiongelea anachotaka yeye, alafu kila ukiuliza yuko wapi au lini utawajua ndugu zake ghafla Kiswahili kinaisha, hilo sio suala la lugha. Au amekurudishia kwa mdomo wake mwenyewe mlichokubaliana, bado anafanya kinyume, mara ya pili, mara ya tatu. Au unapojaribu lugha yake anakucheka mbele za watu na akiombwa aache haachi. Kwa hayo rudi uniandikie. Ila kijana aliyekuja akasimama mlangoni kwasababu alijua amesema anakuja, mimi bado namhesabia upande mzuri. Mtumie hiyo meseji leo.