Tairi limepiga shimo na nje halina mkwaruzo: lifungue kabla hujasafiri

Msomaji mmoja wa Lindi kaniandikia wiki hii. Alikuwa anarudi kutoka Masasi usiku, akapita Mtama, na kabla hajafika Mingoyo tairi la mbele kushoto likaingia kwenye shimo akiwa kwenye mwendo wa kama 80. Anasema mlio ulikuwa kama nyundo imegonga chuma. Akasimama, akamulika kwa simu, akaona tairi limejaa na halina mkwaruzo. Asubuhi akapima upepo: PSI 32, sawasawa na matairi mengine matatu. Swali lake likawa moja: "Kaka, Ijumaa naenda Dar na familia. Tairi si liko salama?"

Nikamjibu asiende nalo mpaka litolewe kwenye rimu. Sababu naieleza hapa kwa kirefu, kwa kuwa swali hili kila msimu wa mvua linarudi, na wengi wanajibiwa "kama halivuji, twende".

Mpira unaouona ubavuni mwa tairi ni ngozi tu. Kinachobeba gari ni upepo, na kinachouzuia upepo usilitanue tairi ni nyuzi zilizofichwa ndani ya huo mpira. Kwenye matairi mengi ya gari dogo ni nyuzi za poliesta, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, zinazotoka ukingo mmoja wa tairi, zinapita chini ya kashata, na kushuka mpaka ukingo wa pili. Chini ya kashata kuna pia mikanda ya waya za chuma. Ubavuni, kwa kawaida, waya hizo hazipo. Pale ni nyuzi peke yake.

Sasa tairi linapogonga ukingo mkali wa shimo, ubavu unakunjwa mara mbili na kubanwa katikati ya mdomo wa rimu na lami. Kile kishindo ulichokisikia mara nyingi ndiyo rimu inayogonga lami, na tairi likiwa katikati yake. Mpira una tabia ya kuvutika na kurudi, kwa hiyo unarudi kama ulivyokuwa. Uzi hauvutiki hivyo. Ukizidiwa, unakatika ndani kwa ndani na ngozi ya nje inabaki nzima. 

Ndiyo maana kipimo cha upepo hakikumsaidia msomaji wetu. Upepo unazuiwa na tabaka laini la mpira lililoko ndani kabisa. Tabaka hilo likibaki zima, au likichanika kidogo huku mpira wa nje ukiwa bado umeziba, geji itasoma 32 leo na 32 kesho. Geji inapima upepo, haihesabu nyuzi zilizokatika.

Tatizo linakuja barabarani. Gari lake linavaa 195/65R15. Tairi la saizi hiyo lina mzunguko wa karibu mita 2, kwa hiyo kila kilomita linazunguka kama mara 500. Kila mzunguko ubavu unakunjika na kunyooka mara moja. Lindi hadi Mtwara tu, kilomita kama 100, ni mikunjo 50,000. Pale nyuzi zilipokatika, jirani zake zinabeba mzigo wote, zinapata joto, zinaanza kuachana na mpira. Upepo ukipenya kwenye ufa mdogo wa ndani unaingia katikati ya matabaka na kusukuma nje. Hapo ndipo nundu inatokea ubavuni. Inaweza kutokea palepale, inaweza kusubiri siku kadhaa au wiki. Na wakati mwingine haikupi nafasi ya kuiona: gari limejaa watu na mizigo, lami ina joto la saa nane mchana, ubavu unapasuka.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine kubwa. Inua gari kwa jeki, litegemeze vizuri, na uanze na upande ambao watu hawauangalii: ubavu wa ndani, unaotazama shokabu. Nundu nyingi zinajificha huko. Kisha shika kijiti karibu na ubavu bila kuugusa, zungusha gurudumu polepole, uone kama kuna sehemu inakisogelea kijiti. Rudia kwenye kashata. Kashata ikipanda mahali pamoja, mikanda ya chuma imeanza kuachana, na hilo halitibiwi kwa balansi. Fundi anaweza kuongeza risasi kila wiki na usukani ukaendelea kutikisika.

Tofautisha nundu na bonde. Bonde jembamba linalotoka kwenye rimu kuelekea kwenye kashata mara nyingi ni mahali matabaka yalipounganishwa kiwandani, halina neno. Kinachojitokeza nje ndicho cha kuogopa.

Baada ya hapo tairi litolewe kwenye rimu. Fundi wetu mwingi hapendi kazi hii kama hakuna pancha, lakini msisitize na umlipe. Pangusa ndani, mulika tochi kutoka pembeni ili mwanga ulale juu ya mpira. Unatafuta mstari kama mkunjo wa karatasi, ufa, au vinyuzi vimechungulia. Ukikuta unga mweusi wa mpira, tairi hilo limewahi kutembea bila upepo wa kutosha. Bonyeza ubavu kwa vidole gumba ukizunguka taratibu: sehemu iliyokatika inalegea na kukunjika kirahisi kuliko wenzake. Vaa glovu, waya ikiwa imetokeza inachana mkono. Rimu nayo ikaguliwe mdomoni, ikipinda itavujisha hata tairi jipya.

Tairi la msomaji wetu lilipofunguliwa lilikuwa na mstari wa urefu wa kidole, sentimita chache kutoka kwenye ukingo. Lilipokunjwa pale, ufa ukafunguka na nyuzi zikaonekana zimekatika. Nje, mahali hapohapo, palikuwa safi kabisa.

Fundi akampa ushauri ambao unauzwa sana huku kwetu: weka kiraka na tyubu, utembee. Hapana, ndugu zangu. Tyubu inashika upepo, haishiki ubavu. Itasukuma palepale penye udhaifu, na itapasuka pamoja na tairi. Kiraka ni cha tundu dogo la msumari kwenye kashata, lisilozidi milimita 6. Ubavu hauzibwi. Wala usilifanye spea, maana spea unaifunga siku ambayo uko Nangurukuru usiku na huna chaguo lingine.

Na ukikagua ndani usione kitu, bado macho hayaoni kila uzi. Endesha taratibu karibu na nyumbani, kisha kagua tena mbavu zote mbili baada ya kama kilomita 100 na baada ya wiki. Safari ndefu isubiri. Kama kishindo kilikuwa kikubwa na rimu imepinda, mimi ningelibadilisha bila kubishana.

Yeye alinunua jipya. Lile la zamani nilimwomba alichane ubavu kwa kisu pale pale gereji kabla hajaondoka, kwa sababu likiachwa zima litapakwa rangi nyeusi, litawekwa kwenye meza ya mtumba barabarani, na mtu mwingine atalinunua kwa kuwa nje linapendeza.