Umefiwa: ujumbe wa kwanza kwa bosi, na wa pili

Dada yangu alipofariki, nilimwandikia mwenzangu wa meza ya jirani maneno matatu: "Nimefiwa, waambie huko." Na yeye alikuwa njiani, akaingia moja kwa moja kwenye kikao, na bosi wetu akapata habari saa saba mchana baada ya kuniulizia asubuhi nzima. Jioni akanipigia kunipa pole, na kwa kutaka kumtuliza nikamwambia nitarudi Jumatatu. Mazishi yakasogezwa mbele ili ndugu waliokuwa mbali wafike. Jumatatu ile nilikuwa nimesimama nje, simu sikioni, nikieleza kwa nini sipo kazini, huku watu wakinisubiri ndani. Sijausahau uchungu wa ile simu.

Miaka michache baadaye alifariki baba. Safari hii niligawa mambo mara mbili: kwanza taarifa, halafu ombi. Wengi wetu huyachanganya. Kwamba leo huji kazini ni taarifa, kwa sababu kifo hakisubiri kibali. Utakosekana siku ngapi na kwa likizo ipi, hilo ni ombi, na huwezi kuliomba sawasawa kabla familia haijakaa na kupanga siku ya mazishi. Ukijaribu kuyasema yote mawili usiku uleule, ama utaandika barua ndefu isiyoeleweka, ama utaahidi tarehe usiyoijua.

Baba alikata roho usiku wa kuamkia Jumanne. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla bosi hajatoka nyumbani, nilimwandikia yeye mwenyewe:

"Mama, shikamoo. Nasikitika kukuarifu kwamba baba yangu mzazi amefariki dunia usiku huu. Leo sitaweza kufika kazini. Kazi ya haraka niliyonayo ni orodha ya mishahara inayotakiwa kupitishwa Alhamisi; imekamilika isipokuwa saa za ziada za idara moja, na faili liko kwenye folda yetu ya pamoja. Siku ya mazishi haijapangwa. Nitakuandikia tena kesho kabla ya saa sita mchana."

Angalia neno "mzazi". Kwetu baba ni wengi: aliyekuzaa, kaka zake, hata mzee aliyekulea. Utaratibu wa likizo ya msiba katika ofisi nyingi hutaja ndugu wa karibu tu, na afisa utumishi akisoma "baba" peke yake atalazimika kukuuliza, swali ambalo mfiwa hapendi kuulizwa. Kama ni baba mkubwa aliyekulea, andika hivyohivyo: "baba yangu mkubwa aliyenilea tangu utotoni." Usimgeuze kuwa baba mzazi ili upate siku. Nyaraka zitakuja kuonyesha vingine, na siku uliyofiwa baba mzazi kweli utakuwa huna la kusema. Sema ukweli, uombe ufikiriwe. Mabosi wengi wana nafasi ya kuamua hapo.

Sikueleza aliumwa nini wala alifariki vipi. Adabu ya ujumbe ule iko kwenye salamu, kwenye "nasikitika kukuarifu", na kwenye kumwambia mkuu wako moja kwa moja badala ya kumpitishia habari kwa mtu. Huna haja ya kuomba radhi kwa kufiwa. Na kama mikono inatetemeka huwezi kuandika, mpe ndugu simu apige kwa niaba yako, ila ataje jina lako kamili na idara yako, kisha akwambie ni nani aliyepokea habari.

Kazi ya haraka nilitaja moja tu. Ukiorodhesha kumi, zote zitaonekana zinaweza kusubiri. Jiulize ni kitu gani kitakwama ndani ya siku 2 zijazo usipokuwepo, andika hicho, kimefikia wapi na kiko wapi. Kosa ambalo nimeliona likirudiwa ni mtu kutuma nywila yake ili mwenzake aingie kwa jina lake. Siku 3 baadaye malipo yamepitishwa kwa jina la mtu aliyekuwa msibani, na hakuna anayeweza kueleza. Mwombe bosi ampe mwenzako ruhusa ya kukaimu kwa akaunti yake mwenyewe.

Jumatano asubuhi familia ilikuwa imeshakubaliana, mazishi Jumamosi tarehe 9. Hapo ndipo nikaandika ombi, kwa barua pepe, kwa bosi na nakala kwa afisa utumishi, kwa sababu ujumbe wa simu hupotea na hesabu ya siku inahitaji maandishi. Nilihesabu hivi: nilianza kukosekana Jumanne tarehe 5, na nilihitaji hadi Jumanne iliyofuata. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili ni siku 6 za kazi. Utaratibu wetu pale ulitoa siku 4 kwa kufiwa mzazi, kwa hiyo nikaandika: "Naomba siku 4 za likizo ya msiba, tarehe 5 hadi 8, na siku 2 za likizo yangu ya mwaka, tarehe 11 na 12. Nitaingia kazini Jumatano tarehe 13." Sentensi ya mwisho ndiyo inayookoa. Ukiandika "hadi Jumanne" peke yake, mmoja ataelewa Jumanne upo, mwingine ataelewa haupo.

Kama hujui mkataba wako unatoa siku ngapi, uliza ndani ya ombi hilohilo, na uulize pia watahitaji karatasi gani. Mimi niliambiwa nakala ya kibali cha mazishi inatosha, na kwa kuwa niliambiwa mapema, nilikipiga picha siku ileile kilipotolewa. Kwa dada sikuuliza, na ilinibidi kumsumbua shemeji akiwa bado kwenye majonzi, anipekulie makaratasi ya marehemu mkewe.

Kisha simu. Upendo wa wenzako unaweza kukulemea, na bosi hawezi kukulinda kama hujamwambia unataka nini. Niliandika: "Naomba wenzangu waarifiwe. Kwa sasa siwezi kupokea simu, ila nitasoma ujumbe kila siku saa mbili usiku. Likitokea la mishahara lisiloweza kusubiri, mwenzangu anayekaimu aniandikie muda huo." Kila usiku nilifungua simu kwa robo saa. Nilikuta swali moja tu kwa juma zima, kuhusu zile saa za ziada. Kama hutaki ofisi nzima ijue, sema hivyo pia: "naomba jambo hili libaki kwako na kwa afisa utumishi." Kwenye jibu la kujiendesha la barua pepe niliandika tu kwamba nitarudi kazini tarehe 13 na nani aulizwe. Mteja hana haja ya kujua kwamba nimefiwa.

Siku zikiwa hazitoshi, omba nyongeza kabla ya ile ya mwisho kuisha, na utaje siku ngapi na za aina gani, hata kama ni bila malipo. Mimi Jumatatu jioni niliona mama bado hali chakula vizuri. Nikamwandikia bosi usiku uleule kuomba siku 1 zaidi ya likizo yangu ya mwaka, na kwamba sasa nitaingia Alhamisi tarehe 14. Alijibu kwa mstari mmoja: "Kaa na mama, mwanangu. Alhamisi tutaonana."